Uzi: Nimepima kila mstari wa kumi shambani, mwanzo wa nasibu ni mmoja tu. Variansi ya wastani nitaipata wapi?

Mkadiriaji_Mpunguzi

Habari za kazi wanajukwaa. Nakadiria mavuno ya shamba moja la zabibu upande wa Mpunguzi, kusini mwa jiji la Dodoma. Shamba lina mistari 120 ya mizabibu. Nimeihesabu kuanzia juu, kwenye udongo wa changarawe, kushuka hadi chini karibu na mbuga ambako udongo ni mweusi na unashika maji. Niliandika namba 1 hadi 10 kwenye vikaratasi, nikachomoa kimoja, ikatoka 4. Kwa hiyo nimevuna na kupima mstari wa 4, wa 14, wa 24 na kuendelea hadi wa 114. Kilo kwa kila mstari, kwa mpangilio huo huo wa kushuka, ni hizi:

62, 70, 66, 75, 81, 77, 88, 92, 86, 97, 103, 99

Wastani ni kilo 83, na shamba zima linakadiriwa kuwa na kilo 9,960. Mwenye shamba anataka kumpelekea mnunuzi makadirio pamoja na kiasi yanachoweza kupotoka. Nikitumia fomula ya sampuli ya nasibu ya kawaida napata kosa sanifu la wastani la kilo 3.66, yaani takribani kilo 440 kwa shamba zima. Kinachonisumbua ni kwamba sikuchomoa mistari 12. Nilichomoa namba moja tu, na mistari mingine yote ikafuata yenyewe. Je, ninayo haki ya kutumia fomula hiyo?

Kigae_Kondoa

Ndugu mleta mada, shaka yako ni ya haki kabisa. Kulikuwa na sampuli kumi tu zinazowezekana, moja kwa kila mwanzo kuanzia 1 hadi 10, na wewe umechomoa moja. Variansi halisi ni mtawanyiko wa wastani wa sampuli hizo kumi, na huwezi kuupima mtawanyiko kwa kuona kitu kimoja. Mstari wa 4 na wa 5 hauwezi kamwe kuingia kwenye sampuli moja, kwa hiyo mpango wako wa kuchagua haukupi taarifa yoyote kuhusu jinsi mistari iliyoshikana inavyotofautiana. Hilo halina dawa.

Ushauri wangu ni huu: iache 3.66 yako kama ilivyo. Fomula ya kawaida siku zote inazidisha kosa pale sampuli inaporuka kwa hatua sawa, kwa hiyo uko salama. Ni heri kutangaza kosa kubwa kuliko dogo.

Bi_Mizani

Sehemu ya kwanza ya maneno ya Kigae ni sahihi, na yeyote anayedai kuwa na fomula isiyo na upendeleo kwa sampuli ya namna hii anauza kitu ambacho hana. Neno «siku zote» katika sehemu ya pili ndilo linalonitia shaka, na nitalirudia baadaye.

Kwanza tuangalie kwa nini 3.66 ni kubwa mno kwa shamba hili. Fomula ya kawaida inapima umbali wa kila mstari kutoka wastani wa 83. Mstari wa juu una 62, mistari ya chini inafika 103, na pengo hilo lote linahesabiwa kana kwamba lingeweza kuangukia upande wowote kwa bahati. Lakini haliwezi. Mwanzo ungekuwa 1 au 10, bado ungepata mistari ya juu, ya kati na ya chini kwa uwiano uleule. Mteremko wa shamba umekwisha kugawanywa sawasawa na hatua yako ya kumi, kwa hiyo sehemu kubwa ya mtawanyiko huo haimo kabisa katika kosa lako.

Kinachohitajika ni kipimo cha mtawanyiko ambacho hakioni mteremko, na njia iliyozoeleka ni kulinganisha kila mstari na jirani yake katika sampuli badala ya kuulinganisha na wastani wa shamba zima. Mstari wa 4 na wa 14 wako karibu vya kutosha kuwa na udongo unaofanana. Wakitofautiana, sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni ya mizabibu yenyewe. Chukua tofauti za mfululizo:

8, −4, 9, 6, −4, 11, 4, −6, 11, 6, −4

Mraba wa kila moja, ukijumlishwa, ni 559. Tofauti ya vitu viwili hubeba mtawanyiko wa vyote viwili, ndiyo maana tunagawanya kwa 2, kisha kwa idadi ya tofauti zenyewe ambazo ni 11. Tunapata 25.4, wakati njia yako ya kwanza ilitoa 179. Kuanzia hapo hesabu ni ileile uliyoizoea: gawanya kwa 12, zidisha kwa 0.9 kwa sababu umekwisha kupima sehemu moja ya kumi ya shamba, na variansi ya wastani inakuwa 1.91. Kosa sanifu ni kilo 1.38, au takribani kilo 166 kwa shamba zima. Kwa anayetumia R:

```
y <- c(62,70,66,75,81,77,88,92,86,97,103,99)
n <- length(y); f <- n/120
v1 <- (1-f)*var(y)/n
v2 <- (1-f)*sum(diff(y)^2)/(2*n*(n-1))
sqrt(c(v1, v2))
```

Jambo moja dogo la kuzingatia: tofauti hizi 11 zinashirikiana mistari, kila mstari wa kati unatumika mara mbili, kwa hiyo hazina uzito wa taarifa 11 zinazojitegemea. Kwa mistari 12 zina uzito wa kama saba na nusu. Ukitaka mipaka ya asilimia 95, zidisha 1.38 kwa takribani 2.33 badala ya 2. Utapata kilo 3.2 kila upande wa 83.

Faili_la_Bahi

Nashukuru sana kwa mada hii kwa sababu na mimi nina jambo linalofanana nayo. Niko Bahi, kwenye zahanati, na nilichukua kila kadi ya kumi kutoka kwenye rejista ili kukadiria wastani wa muda ambao wagonjwa hukaa kabla ya kuhudumiwa. Nimeziingiza Excel, nikazipanga kuanzia muda mfupi hadi mrefu ili zionekane vizuri, kisha nimefuata hesabu ya Bi Mizani. Kosa langu sanifu limekuwa dogo ajabu, dogo kuliko nilivyotarajia. Je, nifurahi?

Bi_Mizani

Ndugu yangu wa Bahi, usifurahi bado. Tofauti za mfululizo zina maana kwa mpangilio ule tu ambao sampuli ilichaguliwa nao. Ukizipanga namba kwa ukubwa wake, unamweka kila mmoja karibu na anayefanana naye, kisha unashangaa kwamba majirani wanafanana. Fanya hivyo kwa zabibu za mleta mada: panga 62, 66, 70, 75 hadi 103, na kosa sanifu litashuka kutoka 1.38 hadi 0.75, ilhali shambani hakuna hata kichala kimoja kilichobadilika. Rudisha kadi zako katika mpangilio wa rejista. Kama rejista inafuata saa ya kufika, mpangilio huo una maana kubwa, kwa sababu foleni ya asubuhi si foleni ya alasiri. Kama kadi zilikuwa zimechanganyika ovyo kwenye boksi, basi njia mbili zitakupa majibu yanayokaribiana, na hakuna ulichopoteza kwa kutumia yoyote.

Faili_la_Bahi

Nimeelewa. Bahati nzuri namba za kadi bado ninazo. Nitazirudisha kwenye mpangilio wake nione.

Mwanachuo_Ng'ong'ona

Naomba niulize kwa heshima, kwa sababu nimejaribu hesabu kwenye karatasi na inanikatalia. Nilichukua shamba la kufikirika ambalo mavuno yanapanda kwa mstari ulionyooka kabisa, bila mtawanyiko mwingine wowote, mistari 120 na hatua ya kumi kama hapa. Kupanda kutoka mstari mmoja wa sampuli hadi unaofuata nikakuita D. Kwa kuwa najua mistari yote, naweza kupata wastani wa sampuli zote kumi na kuona variansi halisi: ni takribani mraba wa D ukigawanywa kwa 12. Fomula ya kawaida inatoa karibu mara 12 ya hiyo, kama Bi Mizani alivyoeleza. Lakini fomula ya tofauti inatoa chini ya nusu ya variansi halisi! Tena nikiongeza urefu wa shamba na kuacha hatua ileile, hali inazidi kuwa mbaya. Nilidhani tofauti zinaondoa mteremko, kumbe zinauondoa kupita kiasi?

Bi_Mizani

Umehesabu vizuri, na hapa ndipo penye kiini cha jambo hili, kwa hiyo niruhusu nilieleze kwa urefu kidogo.

Katika shamba lako la kufikirika, sampuli iliyoanzia 1 ina kila mstari wake chini kidogo ya katikati ya kipande chake cha mistari kumi, na sampuli iliyoanzia 10 ina kila mstari wake juu kidogo. Kosa hilo ni lilelile kwenye kila kipande, linaelekea upande uleule, kwa hiyo kuongeza vipande hakulipunguzi. Fomula ya tofauti haijui hilo. Yenyewe inadhani kila mstari umepotoka kivyake, na inagawanya kwa idadi ya mistari kana kwamba makosa yatafutana. Kwa mteremko mtupu usio na kitu kingine, inapatia pale sampuli inapokuwa na mistari kama mitano au sita. Ikizidi hapo inatangaza kosa dogo kuliko lililopo.

Sasa turudi Mpunguzi tuone lina uzito gani. Nimepitisha mstari ulionyooka kwenye namba za mleta mada: mavuno yanapanda takribani kilo 3.57 kwa kila hatua ya kumi. Sehemu ya variansi inayotokana na mwanzo kuangukia juu au chini ya kipande ni kama 1.05. Mtawanyiko unaobaki kuzunguka mstari huo unachangia kama 1.13. Jumla ni 2.18, yaani kosa sanifu la kilo 1.48. Fomula ya tofauti ilitupa 1.38. Imepunguza, ni kweli, lakini si kwa kiasi cha kumfanya mnunuzi abadili lori. Shamba lenye mteremko mkali na mizabibu inayolingana sana ndilo lingeleta taabu.

Kuna dawa ya zamani kwa tatizo hili, iliyopendekezwa na Frank Yates mwaka 1948, ambayo ni kurekebisha ncha. Mwanzo ulikuwa 4, kwa hiyo katikati ya mistari yako 12 ni mstari wa 59, wakati katikati ya shamba ni 60.5. Sampuli imekaa juu ya mteremko kwa mstari mmoja na nusu. Kwa kupanda kwa kilo 0.357 kila mstari, wastani wako umepungukiwa na kama kilo 0.5, na unaweza kusogezwa hadi 83.5. Ukishafanya hivyo, sehemu ile ya 1.05 inatoweka karibu yote, mradi mteremko uwe kweli umenyooka.

Kigae_Kondoa

Bi Mizani, kwa heshima zote, hapo mwishoni umeingiza «mradi» ambayo ni kubwa kuliko shamba lenyewe. Tulianza na sampuli isiyohitaji kudhani chochote kuhusu udongo, na sasa tunadhani mstari ulionyooka. Ningependa mleta mada msimu ujao achomoe mianzo minne badala ya mmoja, kila mmoja ukiruka mistari 40. Atapata mistari 12 ileile, lakini wastani nne zinazojitegemea, na variansi itatoka kwenye data yenyewe bila kudhani.

Bi_Mizani

Itatoka, ila itatoka kwenye namba nne tu, kwa hiyo utazidisha kosa sanifu kwa 3.18 badala ya 2.33. Tena kila mwanzo utakuwa na mistari mitatu tu ya kulinda dhidi ya mteremko, kwa hiyo hizo wastani nne zitatawanyika zaidi ya sampuli ya kuruka kumi. Unanunua uhakika wa fomula kwa kuuza usahihi wa makadirio. Mtu anayewajibika kwa mkaguzi anaweza kukubali biashara hiyo; kwa mwenye shamba anayetaka namba nzuri, mimi nisingeikubali. Najua wenzangu kazini hawakubaliani nami.

Bwana_Shamba_Hombolo

Mimi si mtu wa fomula, ni mtu wa mizabibu, lakini nimezitazama hizo tofauti 11 na kuna kitu kinanichoma macho. Hasi ziko nne: ya pili, ya tano, ya nane na ya kumi na moja. Yaani mstari wa 24, wa 54, wa 84 na wa 114 ndiyo inayoshuka, kila mara baada ya mistari 30. Kwa bahati tupu isingejipanga hivyo. Mleta mada, umwagiliaji ukoje hapo? Koki moja inahudumia mistari mingapi?

Mkadiriaji_Mpunguzi

Umenishtua kidogo. Ni umwagiliaji wa matone, na kuna koki nne. Kila koki inahudumia mistari 30, ya kwanza kuanzia mstari wa 1 hadi wa 30, na kadhalika. Maji yanaingia upande wa mstari wa kwanza wa kila kundi.

Bwana_Shamba_Hombolo

Basi ndiyo hiyo. Mstari wa 24 wa kila kundi uko mbali na koki, presha inafika ikiwa imechoka. Chini kwenye mbuga udongo unasaidia, lakini hata mstari wa 114 umepungua.

Bi_Mizani

Asante sana kwa jicho hilo, kwa sababu linabadilisha tafsiri ya namba zetu kwa njia mbili zinazovutana.

Kwanza, kushuka huko kwa kila mstari wa tatu wa sampuli kumeingia kwenye zile tofauti na kuzikuza. Lakini kila mwanzo kuanzia 1 hadi 10 ungepata mistari mitatu kwa kila koki, mmoja karibu, mmoja katikati, mmoja mbali. Kwa hiyo sehemu hiyo ya mtawanyiko, kama ule mteremko mkubwa, imegawanywa sawasawa na hatua ya kumi na haimo katika kosa halisi. Kwa upande huu 1.38 imezidishwa.

Pili, na hili ndilo linalonifanya nisiwe na raha, sampuli yetu inaona nafasi tatu tu za kila koki: ya 4, ya 14 na ya 24. Mistari ya 25 hadi 30 ya kila kundi, iliyo mbali zaidi na maji, hatujaigusa hata mara moja. Kama mavuno yanaporomoka pale mwishoni, mtu aliyechomoa 10 angepima wa 30, wa 60, wa 90 na wa 120 na kupata wastani mdogo kuliko wetu, na hakuna tofauti ya mfululizo ambayo ingetuonya. Hapa ndipo neno «siku zote» la Kigae linapovunjika: mzunguko wa shamba ukilingana na hatua ya kuruka, au ukiwa mara kamili ya hatua hiyo, fomula zote mbili zinaweza kutangaza kosa dogo kuliko lililopo. Jawabu halimo kwenye sampuli. Linatafutwa kwa kupima mistari michache iliyofuatana. Je, kuna kundi ambalo halijavunwa?

Mkadiriaji_Mpunguzi

Koki ya nne bado, isipokuwa mistari mitatu ya sampuli. Kesho wavunaji watakuwepo, nitawaomba waanzie mstari wa 115 na kila mstari uwekwe kwenye kreti zake peke yake.

Mkadiriaji_Mpunguzi

Nimerudi na majibu. Mstari wa 114, kama mnavyojua, ulikuwa 99. Kuanzia wa 115 hadi wa 120 ni: 98, 100, 96, 97, 95, 96.

Mwanachuo_Ng'ong'ona

Kwa hiyo hazijaporomoka. Tofauti kati ya wa 114 na wa 120 ni kilo 3 tu.

Bi_Mizani

Hazijaporomoka, ndiyo, lakini tazama zinaelekea wapi. Mteremko wa jumla unasema mstari wa 120 ungezidi wa 114 kwa kilo mbili hivi. Badala yake umepungua kwa tatu. Kama makundi mengine yako hivyo, mwanzo wa 10 ungeshusha theluthi ya tatu ya sampuli kwa kilo 3, yaani wastani mzima kwa kilo moja, kiasi kinachokaribia kosa sanifu lenyewe. Na yale marekebisho yangu ya ncha ya kuongeza nusu kilo yalidhani kwamba kila mstari unaoshuka chini unaongeza mavuno. Theluthi moja ya shamba inafanya kinyume, kwa hiyo nayafuta. Baki na 83. Kwa kosa sanifu ningeandika 1.38, nieleze kwamba limetokana na tofauti za mfululizo kwa mpangilio wa mistari, na nitaje koki. Mistari sita hii usiichanganye kwenye wastani, kwa sababu haikuchaguliwa kwa nasibu.

Kigae_Kondoa

Mimi bado ningeandika 3.66. Kundi moja la koki lililo kwenye udongo mzuri kuliko yote halitoshi kuyasemea matatu ya juu, ambako hakuna udongo mweusi wa kuficha upungufu wa maji. Kama mistari ya 25 hadi 30 ingekuwa bado ina zabibu, ningekubali kubadili mawazo.

Mkadiriaji_Mpunguzi

Kwa bahati mbaya ilishavunwa na kuchanganywa. Mavuno ya pili ya mwaka yapo, na safari hiyo hatua itakuwa 11 au 13, ili nafasi ndani ya koki zisijirudie. Kwenye taarifa nitaweka namba zote mbili, na sababu ya kila moja.

Bwana_Shamba_Hombolo

Na kabla ya kupima, mfungue mipira ya koki ya kwanza mwishoni mwa mistari muoshe. Nadhani matone ya mstari wa 24 yameziba kwa chumvi.